Tiketi nne zilizohukumiwa kwa picha: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika jiji moja la pwani. Jina la tamasha, ukumbi, mwezi na majina ya wahusika nimeyaondoa, na namba zozote za tiketi nimezibadilisha. Mimi ni mchapaji. Kiwanda ninachofanyia kazi ndicho kilichochapa tiketi zenyewe, na ndiyo maana promota aliponitafuta siku tisa kabla ya onyesho alidhani mimi ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kukosea kuzihusu.

Zilikuwa tiketi za karatasi, kwa kuwa wanunuzi wengi walinunua kwa mawakala wa mitaani: maduka ya simu, saluni, kibanda kimoja cha chipsi. Zilifungwa vitabu vya tiketi hamsini hamsini. Wakala akiuza, anaandika jina na namba ya simu ya mnunuzi kwenye kishina, anachana, kishina kinabaki kitabuni. Kipande anachoondoka nacho mnunuzi kilikuwa na urefu wa milimita 150 na upana wa 70.

Ili uelewe kilichofuata, lazima ujue tiketi ile ilipita mashine ngapi. Kwanza mashine ya ofseti, inayochapa kwa bamba liitwalo pleti, iliyoweka picha, rangi ya kijani ya chini na mstari mmoja mwembamba chini ya jina la tamasha. Kwa jicho ule ni mstari tu, lakini ukiweka kioo cha kukuzia unasoma jina la tamasha likijirudia kwa herufi zenye kimo cha milimita 0.3. Kijani kile hakikutokana na vidoti vidogo vya sayani, majenta, njano na nyeusi. Ni wino uliochanganywa mapema ukawekwa mashineni kama ulivyo. Baada ya hapo karatasi zikaenda kwenye Heidelberg ya zamani, zikagongwa namba nyekundu mara mbili, kwenye kishina na kwenye tiketi, na kutobolewa mstari wa kuchania. Mwisho zikapita kwenye printa ya leza iliyoweka msimbopau kwa nyeusi peke yake.

Msimbopau ulikuwa wa aina ya Code 128 wenye tarakimu kumi zilizochaguliwa ovyo, tofauti kabisa na ile namba nyekundu. Jedwali linaloonyesha namba nyekundu ipi imeoana na msimbo upi lilikuwa kwa vijana wa getini. Mimi sikuwa nalo. Hilo lishikilie.

Yaliyotokea

Uvumi ulianza kwamba kuna walanguzi wanauza tiketi za bandia karibu na stendi. Promota, bila kumuuliza mtu, akatangaza kwamba mwenye wasiwasi atume picha ya tiketi yake kwenye namba fulani ya WhatsApp naye atajibiwa. Namba ile ilikuwa ya ofisi, lakini simu akaniletea mimi kiwandani ndani ya bahasha ya kaki. Nilikaa nayo siku nne.

Picha nyingi zilikuwa rahisi na sitazieleza. Nne ndizo zina somo.

Mbili za kwanza zilitumwa na dada mmoja aliyenunua kwa mlanguzi, tiketi yake na ya mdogo wake. "Kaka samahani, naomba uniangalizie hizi, roho yangu haijatulia." Picha zilikuwa nzuri, mchana, kwenye kitambaa cha meza. Kwa mtazamo wa haraka tiketi zilipendeza kuliko zetu: rangi zimekolea, kila kitu kimenyooka. Namba nyekundu zilikuwa tofauti, moja ikifuatia nyingine, kama inavyotakiwa kwa tiketi zilizochanwa kitabu kimoja.

Unyoofu ule ndio ulionishtua. Tiketi yetu ilipita mashine tatu, na kila karatasi inapoingia mashine mpya haikai palepale ilipokaa mwenzake. Namba nyekundu inasogea kidogo ndani ya kisanduku chake, na msimbopau unapanda au kushuka hata milimita moja ukilinganisha na picha iliyo chini yake. Hakuna tiketi mbili halali zinazofanana kabisa katika hilo. Nikazifungua picha za dada pamoja kwenye kompyuta, nikaikuza moja mpaka ilingane na ya pili, nikaziweka moja juu ya nyingine. Msimbopau ulianguka palepale. Umbali wake kutoka ukingo wa kijani ulikuwa uleule, umeinama upande wa kulia kwa kiasi kilekile. Na chini ya neno la mwisho la anwani ya ukumbi kulikuwa na kijidoti, kwenye tiketi zote mbili, mahali pamoja. Hilo lilikuwa vumbi lililolala juu ya kioo cha skana siku tiketi mama iliponakiliwa.

Nikamwomba picha mbili zaidi. Ya kwanza, ageuze tiketi, azime taa, na amulike tochi ya simu nyingine kutoka ubavuni, mwanga utambae juu ya karatasi. Namba iliyogongwa kwa chuma huacha uvimbe nyuma, na mwanga wa ubavuni huutolea kivuli. Nyuma ya tiketi zake kulikuwa laini kama kioo. Ya pili, apige ukingo wa kushoto kwa karibu. Mashine yetu hutoboa kwa wembe wenye meno, hivyo vitundu ni vijimkato virefu na ukishachana unabaki na vijimeno vya nyuzi za karatasi. Wake ulikuwa na vitundu vya duara vilivyonyanyuka midomo upande mmoja. Nilicheka peke yangu. Fundi yule alikuwa amepitisha karatasi kwenye cherehani bila uzi.

Nikamjibu ni bandia, nikamweleza sababu mbili, nikamshauri ampe promota namba ya aliyemuuzia. Nilijisikia bingwa, na ubingwa ule ndio ulionipeleka kwenye kosa.

Jioni ile ile ikaja ya tatu, kutoka kwa mzee mmoja. Picha moja tu, imepigwa chini ya taa ya njano. Karatasi haikung'aa hata kidogo, ilhali sisi tulichapa kwenye karatasi ngumu ya kung'aa ya gramu 250 kwa mita ya mraba. Kijani kilionekana kimefifia. Nikakuza ule mstari wa herufi ndogo, nikaona ukungu tu, hakuna herufi hata moja. Nikaandika, "Shikamoo mzee. Samahani, hii si tiketi yetu." Ilinichukua labda dakika mbili.

Kesho yake saa nne asubuhi mzee akaja kiwandani mwenyewe, na tiketi ndani ya Kurani ndogo ili isikunjike. Alikuwa ameinunua kwa mpwa wake, wakala halali, na usiku ule alikuwa amemtolea mpwa huyo maneno mbele ya watu. Nikaichukua tiketi. Kidole kilijua kabla ya jicho: uvimbe wa namba ulikuwepo nyuma. Nikaweka kioo cha kukuzia, herufi ndogo zikasimama wima, zinasomeka zote. Kijani kilikuwa kitupu kisicho na vidoti.

Nikaenda kwa msimamizi wa zamu. Ndipo nikaambiwa kwamba promota aliongeza tiketi mia nne wiki ya pili, mimi nikiwa likizo. Karatasi ya kung'aa ilikuwa imekwisha stoo, wakatumia ya gramu ileile lakini isiyong'aa. Wino ukizama kwenye karatasi isiyong'aa, rangi hufifia. Kila mchapaji anajua. Pleti zilikuwa zilezile, namba ziligongwa kwa mashine ileile, karatasi peke yake ndiyo iliyobadilika. Hakuna aliyeona haja ya kuniambia kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nimegeuka hakimu wa tiketi.

Ya nne haikunipa shida yoyote, na ndiyo iliyoleta balaa kubwa. Binti mmoja alituma picha tano bila kuombwa, pamoja na ya tochi ubavuni. Uvimbe upo, vijimeno vipo, msimbopau umesogea kidogo juu kama ilivyo kawaida yetu. Nikamjibu ni halali. Usiku wa onyesho alifika getini saa tatu, kijana akapitisha skana, ikalia vibaya: tiketi hii imeshaingia saa mbili kasoro.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutumia picha, haukuwa wangu, lakini niliukubali bila kuuliza swali moja: je, jedwali la misimbo liko wapi? Niliona fahari kidogo kwamba jicho la mchapaji linatosha. Ningekuwa na jedwali, tiketi za yule dada zingeanguka kwa sekunde kumi. Mlanguzi alibadilisha namba nyekundu kwenye kompyuta lakini msimbopau aliuacha vilevile kwenye tiketi zote, kwa hiyo angalau moja isingeoana na jedwali. Tiketi ya mzee nayo ingepita bila mtu kugombana na mpwa wake.

Uamuzi wa kumwomba dada picha zaidi ulikuwa sahihi, na sababu yake ilikuwa sahihi: nilikuwa na shaka na nilitaka alama mbili zisizotegemeana. Kufanana kwa mpangilio kunaonyesha kwamba picha, namba na msimbopau vilichapwa kwa kupita mashineni mara moja tu. Ukosefu wa uvimbe unaonyesha kwamba namba haikugongwa. Zikikubaliana, nafasi ya kukosea ni ndogo sana.

Kwa mzee sikuomba kitu. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu tiketi yake ilionekana duni, na akili yangu ilishaanza kuamini kwamba bandia ni duni, ingawa asubuhi yake nilikuwa nimeona bandia iliyopendeza kuliko halali. Alama zote tatu nilizotumia, mng'ao, rangi na ukungu wa herufi, zilikuwa ni mambo ambayo taa na simu vinaweza kuyatengeneza.

Getini, promota aliamua jambo ambalo nalisifu. Hakumfukuza binti. Alinipigia simu, nikaja na kioo changu, nikaikagua tiketi mkononi chini ya taa ya jenereta. Nikasema hii ndiyo mama, iliyoingia saa mbili kasoro ilikuwa nakala. Kisha akapigiwa wakala, akafungua kitabu, akasoma kishina: jina na namba ya simu ni za binti. Akaingizwa.

Matokeo

Dada alirudishiwa nusu ya fedha zake na mlanguzi baada ya kutishiwa polisi, na onyesho hakuliona. Mzee nilimwomba radhi, na nilimpigia mpwa wake mbele yake ili naye asikie kutoka kwangu kwamba kosa halikuwa lake. Mpwa alijibu kwa sauti ya chini tu, "Haya, yameisha," na sidhani kama yaliisha. Aliyeingia na nakala ya tiketi ya binti hakupatikana.

Uchambuzi

Nianze na ukungu wa herufi, kwa kuwa ndio uliokuwa na hesabu iliyo wazi na mimi sikuifanya. Simu ya kawaida hupiga picha yenye upana wa pikseli kama 4,000. Tiketi ya milimita 150 ikijaza picha yote, kila milimita inapata pikseli 27 hivi, na herufi ya kimo cha milimita 0.3 inapata pikseli nane. Hiyo inasomeka kwa taabu. Lakini WhatsApp kwa ubora wake wa kawaida wakati ule iliipunguza picha hadi pikseli kama 1,600 upande mrefu. Sasa herufi ileile imebaki na pikseli tatu. Kwenye picha ya simu iliyopunguzwa hivyo, herufi ya pikseli tatu haisomeki. Ukungu niliouona kwenye tiketi ya mzee ningeuona pia kwenye tiketi niliyoichapa kwa mikono yangu.

Kwa hiyo picha ya tiketi nzima haiwezi kukuambia chochote kuhusu maandishi hayo, si kheri wala shari. Ukiyataka, mwombe mtu asogeze simu mpaka sehemu yenye ukubwa wa kiberiti ijaze kioo. Kiberiti kina urefu wa kama milimita 50. Hata baada ya kupunguzwa, herufi itapata pikseli kumi hivi. Simu nyingi hazioni vizuri zikisogezwa karibu mno, basi arudi nyuma kidogo na akuze mara mbili. Au aitume kama faili la hati badala ya picha, ibaki ilivyo. Na hapo tafuta tofauti hii: herufi iliyochapwa kwa pleti ina kingo kali, ilhali iliyonakiliwa kwa skana na printa ya leza imevimba na kujazana, kwa kuwa nukta moja ya printa ya nukta 600 kwa inchi ina upana wa milimita 0.04, na herufi nzima inajengwa kwa nukta saba kwenda juu. Matundu ya herufi kama a na e huziba.

Jambo la pili ni nyeusi. Walinzi wengi wamefundishwa kwamba wino wa leza, ule unaong'aa kidogo na kupasuka ukiukunja, ni dalili ya bandia. Kwenye tiketi yetu msimbopau halali ulikuwa wa leza. Kinachotenganisha ni kilichomo ndani ya nyeusi hiyo. Printa iliyoandikiwa kuchapa msimbopau hutumia nyeusi peke yake. Skana ikinakili tiketi nzima, msimbopau unakuwa sehemu ya picha, na printa huijenga nyeusi kwa kuchanganya sayani, majenta na njano pia. Kwenye picha ya karibu utaona kingo za mistari zina vivuli vya bluu na waridi. Vivuli hivyo nilikuja kuviona kwenye picha za dada baadaye, nilipokuwa naandaa maelezo haya. Siku ile sikuvitazama.

Njia ya kulinganisha mpangilio ndiyo iliyofanya kazi vizuri kuliko zote, nayo haihitaji ujue karatasi ya kiwanda. Lakini ina masharti mawili ambayo ni rahisi kuyasahau. Inahitaji tiketi mbili au zaidi kutoka kwa muuzaji mmoja, kwa kuwa tiketi moja peke yake haina cha kulinganishwa nacho. Na inafaa tu kwa tiketi iliyopita mashine zaidi ya moja. Tiketi iliyochapwa yote kwa mkupuo mmoja kwenye mashine ya kidijitali, kama zilivyo nyingi siku hizi, itafanana na mwenzake hata ikiwa halali.

Sasa tiketi ya binti. Nilimuuliza baadaye kama kuna aliyewahi kuiona. Akanionyesha picha aliyoiweka kwenye sitatasi yake siku aliyonunua, na akajitetea kwamba alificha msimbopau. Kweli alikuwa ameweka kidole gumba, kwa ulalo, juu ya nusu ya chini ya mistari, pamoja na tarakimu zilizoandikwa chini yake. Nikamweleza kwa uchungu. Mistari ya Code 128 ni ileile juu mpaka chini. Urefu wake upo ili skana isipate shida ya kulenga, haubebi habari nyingine. Ukikata kipande chembamba kama uzi kutoka kushoto hadi kulia, msimbo wote umo. Aliyeiona sitatasi alihitaji tu kuivuta mistari ile kwenda chini, au kuisoma kwa simu na kuchapa msimbo mpya kwenye karatasi yoyote, maana skana ya getini haijali karatasi. Kidole kingewekwa wima, kikaziba theluthi ya katikati ya mistari kutoka juu hadi chini pamoja na tarakimu zake, kingetosha. Misimbo ya mraba ya QR nayo ina mtego wake: imeundwa ili isomeke hata sehemu ikiharibika, na ile ya kiwango cha juu huvumilia uharibifu wa hadi kama asilimia 30. Kuziba kona moja si kuficha, kwa kuwa mraba wa kona ni uleule kwenye kila msimbo na mtu anaweza kuuchora upya.

Na hapa lazima niseme la aibu. Tangazo la promota liliwaambia watu watume picha ya tiketi. Halikusema wazibe kitu. Kwa siku nne simu iliyokaa mezani kwangu kiwandani, isiyo na namba ya siri, ilikuwa na misimbo hai ya watu wengi. Sina sababu ya kuamini kwamba kuna aliyeigusa, na sitatasi ya binti inatosha kueleza yaliyompata, lakini kama ningeulizwa nithibitishe kwamba nakala haikutoka kwetu, nisingeweza.

Jibu langu kwa binti, "ni halali", lilikuwa sahihi kuhusu karatasi na lilimpotosha kuhusu geti. Picha ingeweza kuniambia tiketi ilitoka mashineni kwetu. Isingeweza kuniambia kama msimbo wake utakuwa bado haujatumika saa tatu usiku wa Jumamosi. Ajabu ni kwamba ukaguzi uleule wa karatasi uliokuwa dhaifu kwenye picha uligeuka kuwa na nguvu getini, skana ilipokwama na watu wawili wakawa na msimbo mmoja. Hapo uvimbe wa namba na kishina cha wakala viliamua jambo ambalo jedwali lisingeweza kuliamua.

Tangu kisa hiki, kila mkupuo wa tiketi unaotoka kiwandani, hata ukiwa wa kuongezea mia nne tu, tunachukua tano zilizoharibika, tunazibandika kwenye kadi, tunaandika aina ya karatasi na tarehe, na kadi moja inakwenda kwa watu wa geti. Tiketi ya mzee imo kwenye kadi ya kwanza. Alituachia mwenyewe baada ya onyesho, na upande wa nyuma, kwa kalamu ya bluu, ameandika jina lake.